Betri ya akiba iliyozeekea rafuni

Mama mmoja mwenye kibanda cha kunyoa nywele na kuchaji simu huku Katuba, Lubumbashi, aliniletea betri mbili amezifunga pamoja kwenye kitenge. Ni pacha. Nilizitengeneza mwenyewe siku moja, kutoka katoni moja ya seli, miezi 18 kabla ya siku hiyo. Moja aliitumia kila jioni: kuranti ikikatika, inawasha taa na modemu mpaka saa nne usiku. Nyingine ilikuwa ya akiba. Aliiweka juu kabisa ya rafu, chini kidogo ya mabati, ikiwa imechomekwa kwenye chaja wakati wote ili siku ya shida ikutwe imejaa.

Siku ya shida ikafika. Akaiteremsha ile ya akiba, na taa zikazimika wateja wangali wamekaa.

"Fundi, hii haiyafanya kazi hata siku moya," akaniambia. "Juu ya nini ile ya kila siku inaishinda?"

Kijana wake, ambaye huenda machimboni upande wa Kolwezi, alijibu kabla yangu: "Kobalti imeisha mule ndani, mama." Tukacheka. Katika mji huu, ambao kilima chake cheusi cha taka za shaba kinaonekana toka mbali na taka hizo zimewahi kuyeyushwa upya kupata kobalti, kila swali la betri hujibiwa kwa neno hilo moja. Jibu lake si sahihi, lakini ni kosa zuri la kuanzia. Kobalti haijaenda kokote. Iko palepale kwenye elektrodi chanya, imefungwa ndani ya oksidi pamoja na nikeli na manganizi. Kilichopungua ni lithiamu. Nayo haikutoka nje ya seli. Imo ndani bado, ila imekwama upande wa pili, kwenye utando mwembamba sana uliojijenga juu ya grafiti ya elektrodi hasi, na huko haiwezi tena kufanya kazi.

Hayo ni rahisi kuyasema. Nilitaka kuhakikisha kabla ya kumwambia mtu kwamba betri "mpya" imezeeka.

Kwanza vitu vya bei rahisi

Kila betri ina seli 12 za silinda, zile za 18650, zimepangwa makundi matatu mfululizo, na kila kundi lina seli nne sambamba. Ikijaa inasoma volti 12.6, yaani 4.2 kwa kila seli. Siku nilipozitengeneza nilizijaza, nikaziacha zipumzike, halafu nikazimaliza polepole kwa ampea 0.5 mpaka volti 9. Daftari langu linaonyesha ampea-saa 10.2 kwa kila moja. Vijana wanaojifunza kwangu huona huo ni usumbufu, saa 20 kusubiri betri nzima iishe. Bila namba hiyo, kisa hiki kisingekuwa na pa kuanzia.

Betri ya seli nyingi ikilegea, mara nyingi ubaya uko mahali padogo: seli moja imekufa na inawavuta wenzake, waya umeungua kwenye kiungo, au kadi ya ulinzi inakata mapema kwa sababu kundi moja limefika chini kabla ya mengine. Kwa hiyo niliijaza ile ya akiba nikapima kila kundi peke yake. Nilikuta 4.18, 4.19 na 4.18. Nikaimaliza, nikapima tena chini, na makundi yote matatu yalikuwa yameteremka pamoja. Hakuna aliyemwangusha mwenzake. Seli zote 12 zilikuwa zimepungua kwa kiasi kilekile, na upungufu wa sawasawa namna hiyo hauletwi na ajali. Huletwa na kitu kilichowapata wote kwa muda mrefu.

Jambo la pili ni kutofautisha chaji iliyovuja na uwezo uliopotea. Betri iliyokaa hupoteza chaji kidogo yenyewe, na ukiipima vile ilivyokuja utahesabu vyote viwili kwa pamoja. Dawa yake ni kuijaza kwanza, ndipo uipime. Nilifanya hivyo mara mbili mfululizo. Ile ya akiba ilitoa ampea-saa 7.5 mara zote mbili. Pacha wake, aliyefanya kazi kila jioni kwa mwaka na nusu, alitoa 8.8.

Jambo la tatu ni ukinzani. Utando ukinenepa, ayoni hupita kwa shida zaidi, na volti huanguka haraka ukivuta ampea nyingi. Mtu anaweza kudhani uwezo umepotea kumbe umebanwa tu. Lakini ukiwa ni ukinzani peke yake, ukivuta polepole chaji yote itatoka. Kwa ampea 3 nilipata 7.2, kwa ampea 0.5 nikapata 7.5. Ukinzani umeongezeka, ndiyo, lakini umekula sehemu ndogo tu. Zile ampea-saa 2.7 zinazokosekana hazitoki hata ukisubiri mpaka asubuhi.

Shaba na kutu yake

Katanga hatuhitaji kuelezwa kutu ya shaba. Kipande kipya kinang'aa, halafu kinafifia, kisha kinavaa rangi ya kijani au nyeusi, na baada ya hapo kinabadilika polepole sana. Kutu ile ndiyo inayokinga shaba iliyo chini yake. Ndani ya seli ya lithiamu kuna jambo la jamii hiyo, na bila hilo seli isingeishi hata wiki.

Elektroliti ya seli hizi ni chumvi iitwayo LiPF6, iliyoyeyushwa kwenye mchanganyiko wa vimiminika vya jamii ya kabonati, na mkuu wao ni ethilini kabonati. Kimiminika hiki kimetulia kikiwa ndani ya chupa. Kikigusa grafiti iliyojaa lithiamu, hakitulii. Grafiti iliyojaa iko karibu volti 0.1 tu juu ya lithiamu tupu, wakati ethilini kabonati huanza kupokea elektroni na kuvunjika ikiteremshwa chini ya volti 0.8 hivi kwa kipimo hichohicho. Maana yake ni kwamba kila seli iliyochajiwa inashikilia kimiminika kando ya uso unaotaka kukivunja, saa zote, hata ikiwa imekaa kabatini.

Kinachouzuia ni mabaki ya uvunjikaji wenyewe. Mara ya kwanza seli inapochajiwa kiwandani, tabaka la kwanza la elektroliti linavunjika na kuacha juu ya grafiti utando wa chumvi za lithiamu: kabonati, floridi, oksidi, na chumvi za kikaboni. Moja ya njia zake ni hii:

```
2 C3H4O3 + 2 Li+ + 2 e-  →  (CH2OCO2Li)2 + C2H4
```

Upande wa kushoto ni ethilini kabonati mbili, ayoni mbili za lithiamu na elektroni mbili zilizotoka kwenye grafiti. Kulia ni chumvi inayoganda juu ya uso, pamoja na gesi ya ethilini. (Gesi za namna hii zina mkono katika kufura kwa betri bapa za simu. Seli za silinda zina ganda la chuma, hazionyeshi tumbo.) Utando wote hauzidi makumi kadhaa ya nanomita. Unapitisha ayoni za lithiamu, lakini unazuia elektroni karibu zote. Mwaka 1979 mkemia Emanuel Peled ndiye aliyeupa jina linalotumika hadi leo, solid electrolyte interphase, na kwenye michoro utaliona limefupishwa SEI. Seli za kwanza za lithiamu-ayoni ziliuzwa na Sony mwaka 1991. Biashara hiyo yote imesimama juu ya utando huo kukaa vizuri juu ya kaboni.

Tatizo liko kwenye neno "karibu". Utando hauzuii kila kitu. Elektroni chache hupenya kuja nje au molekuli chache za kimiminika hupenya kuingia ndani. Wataalamu bado wanabishana ni ipi kati ya hizo inayotawala. Vyovyote iwavyo, zikikutana, ethilini kabonati nyingine inavunjika, utando unanenepa kidogo, na ayoni mbili za lithiamu zinazikwa ndani yake.

Lithiamu hiyo hairudishwi na kitu. Seli haina ghala. Lithiamu yote itakayotumika maishani mwake iliingia siku moja, ndani ya elektrodi chanya, na kiwanda chenyewe hupoteza kama asilimia 10 ya hiyo katika chaji ya kwanza ili kuujenga utando. Mnunuzi haioni hasara hiyo, kwa kuwa namba iliyoandikwa kwenye seli hupimwa baada yake. Kuanzia hapo, kila ayoni inayozikwa ni msafiri mmoja aliyepungua kati ya elektrodi mbili.

Tunaweza kuipima hasara ya mama kwa gramu. Ampea-saa moja ni kulombu 3,600. Gawanya kwa 96,485, ambayo ni chaji ya moli moja ya elektroni, kisha zidisha kwa 6.94, uzito wa moli moja ya lithiamu: unapata gramu 0.26. Kila seli ya betri ya akiba ilikuwa na ampea-saa 2.55, yaani takriban gramu 0.66 za lithiamu inayosafiri kwenda na kurudi. Imepoteza ampea-saa 0.675, sawa na gramu 0.175. Kwa seli zote 12 ni gramu 2.1. Chumvi ya mezani ya uzito huo haijazi hata nusu ya kijiko cha chai. Nilimwonyesha kijana wa Kolwezi kwa kumwaga chumvi kidogo mezani, akakaa kimya akiitazama. Yeye hubeba mawe kwa magunia.

Ushahidi ulio ndani ya mchoro

Mpaka hapa nilikuwa na dhana nzuri, sikuwa na ushahidi. Uwezo ungeweza kupungua pia kwa grafiti yenyewe kuharibika, vipande vyake vikatengana na karatasi nyembamba ya shaba inayokusanya umeme, au kwa elektrodi chanya kupasuka. Utando huwezi kuuona. Hata ungefungua seli, jambo ambalo silifanyi na sishauri mtu alifanye mezani, hewa na unyevu vingeubadilisha papo hapo, na LiPF6 ikikutana na maji huzaa asidi ya haidrofloriki, inayokula hadi mfupa.

Grafiti inaacha alama yake kwenye volti, na alama hiyo inasomeka bila kufungua chochote. Lithiamu haiingii kwenye grafiti kama maji ndani ya ndoo. Inaingia kwa hatua, ikijaza nafasi kati ya tabaka za kaboni kwa mpangilio, na karibu na katikati, grafiti inapokuwa na lithiamu moja kwa kila kaboni 12, mpangilio mmoja unakwisha na mwingine unaanza. Hapo volti inafanya mkunjo mdogo. Kwenye mchoro wa kawaida hauonekani vizuri. Ukichora jinsi volti inavyobadilika kwa kila ampea-saa, unajitokeza kama nundu.

Kifaa changu cha kupimia huandika volti kila dakika. Nilihamishia namba kwenye jedwali la kompyuta, ampea-saa kwenye safu A na volti kwenye safu B, nikachagua mistari iliyoachana kwa ampea-saa 0.1 ili kelele zisizamishe kila kitu, kisha:

```
=(B2-B3)/(A3-A2)
```

Hili linafanikiwa tu ukimaliza chaji polepole, karibu saa 20 kwa betri mpya, na kama makundi ya seli yamelingana. Makundi yakiachana, nundu tatu zinapandana na huoni kitu.

Katika mchoro wa siku ya kwanza, nundu ilikuwa ampea-saa 4.6 baada ya kuanza, ikabakiza 5.6 mpaka mwisho. Katika mchoro wa sasa wa betri ya akiba, ilikuwa ampea-saa 2.0 tu baada ya kuanza, ikabakiza 5.5 mpaka mwisho.

Hapo ndipo kisa kilipofunguka. Mwisho wa kumaliza chaji, grafiti inakuwa imekauka lithiamu. Umbali kutoka nundu hadi mwisho ni grafiti kutoka nusu yake mpaka utupu. Kama grafiti ingekuwa imeharibika, umbali huo ungefupika kwa kadiri ilivyoharibika. Umebaki 5.5 badala ya 5.6, tofauti ambayo kifaa changu hakiwezi kuapa kwamba ipo. Grafiti ni nzima. Kilichofupika ni sehemu ya juu, kutoka 4.6 hadi 2.0. Yaani ukiijaza betri hii mpaka 12.6, grafiti haipandi tena mpaka pale ilipokuwa ikifika, kwa sababu hakuna lithiamu ya kutosha kuipandisha. Nyumba ina vyumba vilevile, wapangaji ndio wamepungua. Nami sijui pengine pa kuwatafuta isipokuwa ndani ya utando.

Pacha wa kila siku alionyesha jambo hilohilo kwa kiasi kidogo: nundu ilikuwa imesogea hadi 3.3, na mwisho wake ulibaki 5.5.

Rafu, mabati na saa za kukaa

Sasa swali la mama: juu ya nini ile isiyofanya kazi ndiyo iliyopoteza zaidi? Kazi ina gharama yake pia. Grafiti ikijaa huvimba kwa takriban asilimia 10, ikikauka hunywea, na kila mara utando unapasuka hapa na pale. Palipopasuka panaota utando mpya kwa lithiamu mpya. Hivyo pacha wa kila jioni alilipa. Lakini alilipa kidogo kuliko yule aliyekaa.

Nilipeleka kipimajoto kibandani. Ilikuwa Oktoba, kabla ya mvua, mwezi ambao hata sisi wenyeji tunalalamika. Saa nane mchana kilisoma nyuzi 46 juu ya rafu. Chini, karibu na sakafu ya saruji, ambako pacha wa kila siku alikuwa akikaa, kilisoma 29. Ukuaji wa utando ni kemia ya kawaida: joto linauharakisha, na kwa hesabu ya mafundi kasi huongezeka maradufu hivi kwa kila nyuzi 10. Mchana wa rafuni ulikuwa unaizeesha betri mara tatu ya mchana wa sakafuni. Usiku tofauti hiyo hupungua, na Juni na Julai, baridi ikishuka, karibu inatoweka, kwa hiyo siwezi kuzidisha tatu kwa mwaka mzima.

Sababu ya pili ni kujaa. Kadiri grafiti inavyokuwa na lithiamu nyingi, ndivyo volti yake inavyoteremka na nguvu ya kuvunja kimiminika inavyozidi. Watu wengi hukosea hapa. Volti ya grafiti haiteremki kwa mteremko mmoja ulionyooka, inashuka kwa ngazi, na ngazi kubwa ni ileile ya nundu. Juu ya nundu grafiti iko chini ya volti 0.1 na inakaa hapo karibu tambarare. Chini ya nundu inaruka kidogo na kutulia kwenye ngazi ya juu zaidi. Matokeo yake ni kwamba kupunguza chaji kutoka asilimia 100 hadi 80 husaidia, hasa upande wa elektrodi chanya ambayo nayo haipendi 4.2, lakini kwa utando wa grafiti faida kubwa inakuja unapovuka nundu na kukaa karibu na nusu. Betri ya rafuni ilikaa juu ya ngazi hiyo siku zote 540 na ushee. Pacha wake aliteremka kuielekea kila jioni na mara nyingi alikaa hajajaa mpaka kuranti irudi.

Kwa hiyo ule msemo wa sokoni kwamba "batri inapenda kutumiwa" una ukweli kwa njia ya kuzunguka. Kutumiwa kwenyewe hakukuisaidia. Kilichoisaidia ni saa ilizokaa haijajaa, mahali penye baridi.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu muda. Utando ukinenepa unakinga vizuri zaidi, kama kutu ya shaba, hivyo hasara hupungua kasi. Kwenye kuhifadhi, hasara mara nyingi hufuata kipeuo cha pili cha muda: ili kuiongeza maradufu unahitaji muda mara nne. Ikiwa asilimia 26 ilipotea kwa miezi 18, basi karibu asilimia 13 ilikuwa imeshapotea katika miezi minne na nusu ya kwanza. Mama alishtuka kusikia kwamba nusu ya hasara ilitokea wakati betri bado inanukia plastiki. Kanuni hiyo ni ya kukadiria tu, maana joto la Oktoba si la Julai. Tena haiendelei milele: seli ikizeeka sana mambo mengine huingia, ukinzani hupanda, lithiamu ya metali huanza kuganda juu ya uso wa grafiti badala ya kuingia ndani, na uwezo huporomoka ghafla. Kuchaji kwa nguvu asubuhi ya baridi kali huleta ugandaji huo hata kwa seli changa, na wenye pikipiki za umeme wanapaswa kuuogopa kuliko mimi na betri yangu ya taa.

Tulichofanya

Mama aliuliza kama naweza "kuiamsha". Wapo wanaopiga seli kwa umeme mkali, wapo wanaoziweka kwenye friji. Seli iliyoshuka chini kabisa, kadi ya ulinzi ikakata, unaweza kuifungua kwa chaji ndogo, na mtu ataona miujiza. Lithiamu iliyokwisha kuwa kabonati na floridi haiamki. Na hata kama ungeweza kuukwangua utando, grafiti ingejenga mwingine mara moja, kwa lithiamu ileile unayoitaka.

Nilichoweza kubadilisha ni mahali na chaji. Nilimwambia betri ya akiba ishuke kutoka rafuni na ikae ikiwa nusu. Hapo tukabishana.

"Akiba ya nusu si akiba, fundi."

Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa hiyo tukahesabu. Taa zake na modemu huvuta karibu ampea moja. Nusu ya 7.5 ni zaidi ya ampea-saa 3.7, yaani saa tatu na nusu za mwanga. Mashine ya kunyoa ina betri yake yenyewe. Alifikiri kidogo, akakumbuka kwamba delestaje ya jioni mtaani kwake mara chache hupita saa tatu, akakubali, kwa sharti kwamba asilazimike kusoma volti kila siku.

Kwa hiyo tulipanga hivi. Betri zote mbili zinakaa chini, kwenye sanduku la mbao lililo wazi juu, si karibu na mabati. Moja inafanya kazi wiki nzima na chaja yake nimeiteremsha hadi volti 12.3. Jumapili jioni, baada ya kutumika, inachomolewa jinsi ilivyo na kuwa ya akiba, na ile nyingine inaingia kazini. Hakuna inayokaa kwenye chaja bila kazi. Nilibandika karatasi kwenye sanduku: ya akiba ikisoma kati ya 11.1 na 11.4 iko sawa, ikifika 10.5 ichajiwe kidogo.

Mwezi wa sita tangu hapo nilizipima tena kwa njia ileile, ampea 0.5. Iliyokuwa ya rafuni ilitoa 7.4. Pacha wake 8.7. Kijana alikuwa amerudi kutoka Kolwezi, akaniuliza kama lithiamu ya Manono nayo itakuja kukwama hivi hivi juu ya grafiti za watu. Nikamwambia ndiyo, gramu kwa gramu, na ya kwanza itakwama kiwandani kabla mnunuzi hajaigusa.